Apu ya muziki ya bure inakula mega na inite, na nimeiweka hata kwenye simu ya mama

*Yaya, jambo. Mimi ni mshonaji hapa Katuba. Nikiwa kwenye mashini nasikiliza muziki kwa simu toka asubuhi hadi jioni, na matangazo ya ile apu ya bure yalinichosha. Mwezi uliopita kijana anayetengeneza simu karibu na atelie yetu akanitumia faili kwa Xender. Akasema ni apu ileile, ila imefunguliwa: hakuna matangazo, hakuna kulipa. Aliniambia nitoe kwanza ile niliyopakua Play Store, nizime na Play Protect. Nikafanya. Nikaingia kwa imeli yangu na neno langu la siri, muziki ukapiga vizuri. Nikaiweka na kwenye simu ya mama.*

*Sasa mega za wiki zinaisha kwa siku mbili. Simu inapata moto hata ikiwa imelala tu mezani. Inite zinakatwa, na mesaji zinanishukuru kwa kujiunga na huduma nisizozijua. Imeli ikaja kusema kuna mtu ameingia kwenye akaunti yangu kutoka nchi nyingine. Nikabadilisha neno la siri, baada ya siku chache ikaja tena vilevile. Nyingine ikasema natumia apu isiyoruhusiwa. Na neno hilo la siri ndilo la Facebook na la imeli pia.*

*Kinachonitisha zaidi ni simu ya mama, maana yeye ndiye anayetunza feza za likelemba ya wanawake wa parokia kwenye mobile money. Je, apu ndiyo inayofanya haya yote? Nikiitoa yataisha? Na akaunti yangu, na nyimbo zote nilizokusanya kwa miaka, wataifunga?*

*Mshonaji wa Katuba, Lubumbashi*

Mdogo wangu, kabla hujamaliza kusoma, nenda kwenye simu ya mama. Zima mega na Wi-Fi, toa kadi ya SIM, uiweke kwenye simu ndogo ya vibonye, na mama mwenyewe abadilishe kode ya siri ya mobile money akiwa kwenye hiyo simu ndogo. Kode ile inatunzwa kwenye mitambo ya kampuni pamoja na namba yake, haitunzwi ndani ya simu, kwa hiyo akiibadilisha kwenye kifaa safi, chochote kilichokuwa kinachungulia simu kubwa hakitaijua kode mpya. Aangalie salio, alilinganishe na daftari ya likelemba. Akikuta feza iliyotoka bila yeye kujua, aende leo hii kwenye ofisi ya kampuni yake ya simu akiwa na kitambulisho. SIM ibaki kwenye simu ndogo mpaka tumalize kusafisha ile kubwa.

Sisemi kwamba feza za wamama zimeguswa. Apu nyingi za namna hii zinatafuta faida kwa matangazo na kwa huduma za kulipia. Lakini zikishaingia zinaweza kuvuta programu nyingine, na hapo hakuna anayeweza kukuhakikishia zitafika wapi. Feza ya watu wengi haikai mahali ambapo hatuna uhakika napo.

Sasa swali lako la kwanza. Kuna jambo moja ulilolieleza kwa kupita tu, nami ningetaka uliangalie kwa karibu: kijana alikuambia utoe kwanza apu ya Play Store. Unajua kwa nini? Kila apu ya Android hutiwa saini ya kidijitali na aliyeitengeneza, kwa ufunguo wa siri ambao watu wa nje hawana. Mtu mwingine akiifungua apu hiyo, akibadilisha kitu ndani na kuifunga tena, hana ule ufunguo, kwa hiyo analazimika kutia saini yake mwenyewe. Android ikiona jina la apu ni lilelile lakini saini ni nyingine, inakataa kuiweka juu ya ile ya kwanza. Njia pekee ni kuondoa ya asili, au kubadilisha jina la ndani la apu. Basi simu yako ilikuwa na kinga iliyokuwa tayari kukuambia kwamba faili hili halikutoka kwa wenye apu, nawe ukaombwa uiondoe kwa mkono wako. Play Protect nayo vilevile. Sidhani kijana alikuwa na nia mbaya. Wengi wao wanajua tu kwamba ukifuata hatua hizo apu inakubali, hawajui ni kitu gani wanachozima.

Hukutaja jina la huduma ya muziki unayotumia, kwa hiyo nitachukua mfano wa Spotify, kwa sababu apu yake iliyobadilishwa iliwahi kufunguliwa na kuchunguzwa kipande kwa kipande. Mwezi wa 9 mwaka 2024, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilitangaza ilichokikuta ndani ya apu iliyoitwa Spotify Plus, toleo la 18.9.40.5. Tovuti iliyokuwa inaigawa ilidai kwamba imehakikiwa na ni salama. Ndani yake mlikuwa na kirusi kinachoitwa Necro.

Namna kilivyofanya kazi ndiyo inayoeleza kwa nini watu wengi hawashtuki. Faili unalopokea halina mzigo wote ndani yake. Apu ikifunguliwa mara ya kwanza, inatuma habari za simu yako kwa seva ya wenyewe. Seva inajibu kwa kuielekeza ikapakue picha, picha ya kawaida ya PNG ambayo ukiitazama huoni lolote la ajabu. Kumbe ndani ya nukta za picha hiyo umefichwa msimbo. Apu inauchomoa, inauendesha, na kuanzia hapo wenye seva wanaweza kuongeza sehemu nyingine kila wanapotaka. Kaspersky walikuta sehemu zenye uwezo wa kufungua matangazo kwenye madirisha usiyoyaona na kuyabofya, kupakua na kuweka apu nyingine, kukuandikisha kwenye huduma za kulipia, na hata kupitisha mtandao wa watu wengine ndani ya simu yako, yaani mtu wa mbali anavinjari huku anayeonekana ni wewe.

Linganisha na uliyoyaandika. Simu inayopata moto mezani inafanya kazi usiyoiona. Mega zinaliwa na madirisha yaliyofichwa. Huduma usizozijua zinakata inite, na kuandikishwa kwa namna hiyo mara nyingi hupitia mega za SIM yenyewe, kwa sababu hapo kampuni ya simu inaitambua namba yako bila kukuuliza. Sijaishika simu yako, siwezi kukuambia ni Necro au ni ndugu yake. Ila dalili zako zinaifuata njia hiyo karibu hatua kwa hatua.

Nisikufiche, Necro hiyohiyo ilikutwa pia ndani ya apu mbili zilizokuwa Play Store, Wuta Camera na Max Browser, na hizo mbili zilikuwa zimepakuliwa zaidi ya mara milioni 11. Kwa hiyo Play Store si kinga kamili. Tofauti ni kwamba kule, kirusi kilipogunduliwa, Google ilipewa habari na zikachukuliwa hatua. Faili lililopita kwa Xender kutoka simu hadi simu, nani atakwenda kulifuata?

Kuhusu mega kuna hesabu ndogo, maana si kila mega iliyopotea imeibwa. Muziki wa Spotify kwa ubora wa kawaida unakwenda kwa kilobiti 96 kwa sekunde, ambayo ni kama megabaiti 43 kwa saa. Wewe unasikiliza kutwa. Tuseme saa 8: hiyo ni kama megabaiti 345 kwa siku, na kwa siku 6 za kazi inafika gigabaiti 2. Kama apu mpya iliwekwa kwenye ubora wa juu, kilobiti 160, saa moja inakula megabaiti 72, na kutwa inakaribia megabaiti 580. Ingia kwenye `Paramètres`, fungua sehemu ya matumizi ya data, uone apu ile imekula kiasi gani mwezi huu, kisha ulinganishe na saa ulizosikiliza kweli. Usihukumu kwa kuangalia tu data ya nyuma, yaani ile inayoliwa apu ikiwa haiko kwenye skrini, maana muziki ukipiga huku skrini imezimwa unaweza kuhesabiwa huko. Angalia jumla. Ukiona imekula mara mbili au mara tatu ya hesabu yako, muziki si sababu. Na wakati uko kwenye orodha hiyo, tazama kama kuna jina la apu ambalo hujawahi kuliweka.

Ukishapata namba hizo, usiiache apu hata usiku mmoja zaidi ukitaka ushahidi mwingine. Kwenye simu yako, iondoe kupitia `Paramètres` na `Applications`, si kwa kuifuta tu kwenye skrini. Kama kitufe cha kuondoa kimefifia na hakibofyeki, huenda apu imepewa cheo cha msimamizi wa kifaa. Tafuta sehemu hiyo kwenye mipangilio ya usalama, uivue cheo, kisha urudi kuiondoa. Ondoa na kila apu usiyoitambua. Pitia `Accessibilité`: apu ya muziki haina kazi yoyote pale, na ikiruhusiwa inaweza kusoma kilicho kwenye skrini na kubofya badala yako. Pitia ruhusa za SMS vilevile. Kisha zima ile ruhusa uliyompa Xender ya kuweka apu kutoka nje. Fungua Play Store, bofya picha yako juu, ingia Play Protect, uiwashe na ubofye `Analyser`.

Ndipo ufanye jaribio la usiku. Weka apu zijisasishe kwa Wi-Fi peke yake, andika jumla ya data kabla ya kulala, acha mega zikiwa zimewashwa, na uangalie asubuhi. WhatsApp itakuwa imepokea picha na sauti za watu, hiyo ni kawaida. Lakini ukikuta megabaiti mia na zaidi zimeondoka na hujui zimekwenda wapi, jua kuna kitu kimebaki, na simu yako ifutwe yote.

Simu ya mama usiijaribu. Ifute moja kwa moja, irudi kama ilivyotoka dukani. Lakini usibofye kitu kabla hujajua akaunti ya Google iliyomo ni ya nani! Huku kwetu simu nyingi zinafunguliwa na muuzaji mwenyewe, anaweka imeli aliyoibuni palepale na neno la siri asilolikumbuka hata yeye. Ukifuta simu kwa njia ya vitufe, ikiwaka inaweza kudai akaunti ileile ya zamani, na mama akabaki ameshika kipande cha kioo. Hakikisha imeli ni yake na neno la siri mnalijua. Kama si yake, ongeza kwanza akaunti yake, uitoe ile ya muuzaji, kisha ufute kwa kupitia `Paramètres`. Nakili picha na namba za watu, na uhifadhi mazungumzo ya WhatsApp. Faili lolote linaloishia na `.apk` usilirudishe. Apu zote zitoke Play Store upya. Simu ikishakaa hivyo, SIM inaweza kurudi.

Inite zako, piga namba ya huduma kwa wateja ya kampuni yako ya simu, uombe wakutajie huduma zote zilizoandikwa kwenye namba yako na wazifute. Usibofye kiungo kilicho ndani ya zile mesaji za kukushukuru.

Nakuja kwa neno la siri, na hapa ndipo nadhani ulipoteza nguvu bure. Ulilibadilisha, lakini uliendelea kusikiliza muziki, maana yake uliliandika jipya ndani ya apu ileile. Anayeweza kubadilisha apu anaweza pia kubadilisha ukurasa wake wa kuingilia, ili kila unachoandika kiende kwa wenye huduma na nakala iende kwake. Ukibadilisha mara kumi kwenye dirisha hilo, umempelekea maneno kumi. Kwa hiyo fanya kwenye kifaa kingine, simu ya mtu unayemwamini ambaye hajawahi kuweka apu hiyo, au subiri mpaka yako iwe safi.

Anza na imeli, kwa sababu anayeshika imeli yako anaweza kuomba neno jipya la siri kwa kila akaunti nyingine na likamfikia yeye. Ukishalibadilisha, ingia sehemu ya usalama ya akaunti ya Google, utaona orodha ya vifaa vilivyoingia. Ondoa usivyovijua, hakikisha namba ya simu ya kurudishia akaunti ni yako, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Baada ya hapo fanya Facebook, kwa neno tofauti kabisa. Muziki uwe wa mwisho, na ukishabadilisha neno lake, ingia kwenye ukurasa wa akaunti kwa kivinjari, ubofye chaguo la kutoka kwenye vifaa vyote. Usilisahau, kwa sababu mtu aliyekwisha kuingia anaweza kubaki ndani hata baada ya wewe kubadilisha neno.

Kutumia neno moja la siri kila mahali ndiko kunakofanya wizi mdogo uwe mkubwa. Mwaka 2020 watafiti wa vpnMentor walikuta hazina ya data iliyoachwa wazi mtandaoni, yenye majina na maneno ya siri ya akaunti zaidi ya 300,000 za Spotify. Spotify yenyewe haikuwa imevunjwa. Wezi walichukua maneno yaliyoibwa kwingine, wakayajaribu pale, na yale yaliyofanana yakafungua. Ya kwako wangeyajaribu hivyohivyo kwenye Facebook na kwenye imeli, kwa hiyo yafanye hayo mawili leo.

Je, akaunti yako itafungwa? Mwezi wa 3 mwaka 2018, wakati Spotify inajiandaa kuingia soko la hisa, ilitangaza kwamba watu kama milioni 2 walikuwa wanatumia apu zilizobadilishwa kuzuia matangazo bila kulipa. Baadhi yao walitumiwa imeli iliyosema kwamba apu imezimwa, akaunti iko salama, waondoe ile waliyonayo na kuweka ya asili. Imeli hiyohiyo ilionya kwamba wakiendelea kurudia, akaunti inaweza kusimamishwa au kufungwa kabisa. Imeli uliyopata wewe inafanana na onyo hilo la kwanza. Ukiwa na huduma yoyote ile, rudi kwenye apu ya asili sasa, na kwa kawaida orodha zako za nyimbo utazikuta, kwa sababu zinakaa kwenye seva yao. Ukirudia, una hatari ya kupoteza akaunti pamoja na orodha zote, na huna pa kulalamika kwa kuwa masharti uliyakubali siku ya kwanza. Akitokea mtu wa kukuahidi atakurudishia akaunti iliyofungwa kwa feza kidogo, usimpe hata franka.

Na lile ulilolitaka, muziki wa kutwa bila kumaliza mega, apu ile haikuweza kukupa. Matangazo yanaweza kuzuiwa ndani ya simu, kwa hiyo mtu anaweza kuyafuta. Lakini ruhusa ya kupakua nyimbo usikilize bila mtandao inatolewa na seva baada ya kuangalia kama umelipa, na kubadilisha faili kwenye simu yako hakubadilishi kitu kule. Kwa apu ya asili ya bure, ingia mipangilio, weka ubora wa chini kabisa, kilobiti 24 kwa sekunde: saa moja ni kama megabaiti 11, kutwa ya saa 8 haifiki 90. Kwa kelele za mashini nne zikishona, sikio lako halitadai zaidi. Matangazo yatabaki, hilo sina dawa yake isipokuwa kulipia au kubadilishana na redio. Na podikasti unaweza kuzipakua ukipata Wi-Fi hata bila kulipa.

Kijana wa simu, mwendee kwa upole, bila kumgombeza mbele ya wateja wake. Mwonyeshe mesaji za inite zilizokatwa, mwambie aangalie na simu yake mwenyewe, kisha muulize amewatumia faili hilo akina nani. Nendeni pamoja, mkianza na wale wenye mobile money kwenye simu zao.